Video za Mwaka Mzima: Kutoka Kadi ya Kamera Hadi Diski ya Pili

Mama mmoja wa parokia yetu hapa Panda alifiwa na mume wake. Baada ya siku za kilio kwisha, alikuja ofisini akaniuliza: «Pasta, ile video ya papa, siku alitoa ushuhuda, bado iko? Nataka watoto wasikie sauti yake.» Nilimjibu kwamba iko. Nilikumbuka vizuri kwamba tuliirekodi, na kwamba kijana wetu mmoja aliikata na kuitengeneza.

Tulifungua kompyuta, tukaona jina la kazi ile. Tulipoifungua, mpangilio wote ulionekana, vipande vyote katika nafasi zao, lakini kila kipande kilikuwa chekundu na maneno yanasema faili haionekani. Video zenyewe zilikuwa kwenye kompyuta ya kijana ambaye alikuwa amehamia Lubumbashi, na kompyuta ile ilikuwa imeharibika. Hatukuwa na nakala nyingine. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwa nimeweka utaratibu wowote. Utaratibu tunaoutumia sasa ndio ninaoueleza hapa, kwa ajili ya parokia nyingine zenye kamera moja na vijana wawili watatu.

Tuanze na jambo lililotudanganya. Faili ya kazi ndani ya programu ya kuhariri haina video ndani yake. Ni kama karatasi ya mapishi: inaandika kwamba kipande fulani kianze hapa, kiishie pale, na kwamba kinapatikana katika folda fulani. Ndiyo maana ni ndogo sana, wakati video zenyewe zinajaza diski. Ukihamisha folda, ukibadilisha jina lake, au ukifuta video ukidhani kazi imekwisha hifadhiwa, unabaki na mapishi bila unga. Kwa hiyo vitu vitatu lazima vikae pamoja: video ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, faili ya kazi, na video iliyomalizika.

Kila tukio tunalipa folda moja, na jina lake linaanza na mwaka, mwezi, kisha siku. Tukiandika hivyo, kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku. Mfano wa ibada moja ya ubatizo ni huu:

```
2025-04-20_ubatizo_panda
  1_ghafi
    kadi_A
    kadi_B
  2_kazi
  3_sauti
  4_tayari
```

Jina hatuandiki kwa nafasi tupu wala alama za ajabu. Tarehe tunaiandika kwa mkono, hatuamini ile ya kamera, kwa maana betri ndogo ya ndani ikifa kamera inarudi kwenye tarehe ya zamani na ibada ya leo inaonekana ya miaka mingi iliyopita.

Ndani ya `1_ghafi` tunanakili kadi yote jinsi ilivyo, pamoja na folda zake zote, si faili za video peke yake. Majina ya faili hatuyagusi. Hapo kuna mtego mmoja. Kamera ikisafishwa kadi inaweza kuanza tena namba, basi kila Jumapili inakuwa na `C0003.MP4` yake. Siku programu inapouliza faili iko wapi, ukiielekeza kwenye folda ya Jumapili nyingine inaweza kukubali bila kulalamika, na utakuta kwaya ya Pasaka katikati ya mazishi. Kamera nyingi zina chaguo la kuacha namba ziendelee bila kurudi mwanzo. Chagua hilo, na bado uangalie tarehe ya folda kabla ya kukubali.

Sasa kuhusu kunakili, maana hapo ndipo video nyingi zinapotea. Sisi tunanakili kwa kompyuta ndogo yenye betri iliyojaa, hata kama umeme upo. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili inaweza kubaki na jina lake kamili lakini ndani ni nusu. Ukiangalia orodha tu, utaona kila kitu kipo. Kwa hiyo baada ya kunakili tunafanya mambo mawili. Kwanza tunalinganisha idadi ya faili na ukubwa wa jumla, wa kadi na wa diski. Lazima vilingane kabisa. Pili tunafungua faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kila moja tunaruka hadi dakika yake ya mwisho. Faili iliyokatika inajulikana hapo: inasimama njiani au inakataa kufunguka.

Kisha tunanakili mara ya pili, kutoka kadi kwenda diski nyingine, na kuhakiki vilevile. Hapo tu ndipo kadi inaweza kusafishwa. Ili tusichanganyikiwe, kadi yenye kazi tunaiweka kichwa chini ndani ya kisanduku chake. Iliyo tayari kurekodi inatazama juu.

Je, diski za ukubwa gani? Piga hesabu ya kamera yako. Yetu inaandika megabiti 24 kwa sekunde, yaani megabaiti 3. Saa moja inakuwa karibu gigabaiti 11, na ibada ya saa mbili karibu 22. Jumapili 52 zinafika terabaiti moja na kidogo. Basi diski mbili za terabaiti 2 zinabeba mwaka pamoja na arusi na mikutano. Ni afadhali diski mbili za kawaida kuliko moja kubwa, kwa maana kila diski hufa siku yake.

Diski ya kwanza inakaa parokiani, ya pili inakaa nyumbani kwa mzee wa kanisa katika mtaa mwingine. Nakala mbili ndani ya kabati moja ni nakala moja mbele ya mwizi au moto. Mzee anaileta kila Jumapili baada ya ibada, tunaongeza ya wiki, anarudi nayo. Kabla ya kuchomoa, lazima kuiambia kompyuta kwanza, la sivyo orodha ya ndani ya diski inaweza kuharibika.

Faili ya kazi nayo inahitaji uangalifu. Programu nyingine, kama Kdenlive, zinaiweka katika folda uliyochagua. Lakini DaVinci Resolve inaweka kazi ndani ya hazina yake yenyewe, mahali usipopaona. Ukinakili folda yako tu, umeiacha. Kila mwisho wa kazi, tumia `Export Project`, na faili ya `.drp` iingie ndani ya `2_kazi`.

Mwisho kuna daftari la karatasi. Kila mstari una tarehe, jina la folda, nani alisema au kuimba, na namba ya diski. Kompyuta haijui sura ya mzee aliyetoa ushuhuda, daftari linajua. Mara moja kila miezi mitatu tunachagua mstari mmoja bila kupanga, tunachukua diski ya pili, tunafungua kazi ile kwenye kompyuta nyingine. Ikifunguka bila wekundu, tunatia alama. Isipofunguka, tunatengeneza siku hiyohiyo, wakati nakala ya kwanza bado ni nzima.

Yule mama tulimpa picha nne tu zilizobaki kwenye simu ya mwimbaji mmoja. Zote hazina sauti.