Cheti cha Pilipili Huanzia Shambani

Ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, hayo ndiyo matunda matano pekee yanayoruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea. Parachichi, embe, pasheni, maharage machanga, mnavu, hata kikapu kimoja cha mapera, vyote havitoki uwanja wa ndege wa Amsterdam wala Paris bila karatasi hiyo. Na katika vyote hivyo, zao linalowatoa jasho wakulima wa Afrika Mashariki kuliko mengi ni pilipili.

Sababu ni nondo mdogo wa rangi ya kahawia anayeruka usiku. Jina lake la kitaalamu ni Thaumatotibia leucotreta, lakini mashambani na maofisini humwita FCM. Ni mwenyeji wa Afrika, na Ulaya wanahofia asije akazoea machungwa ya Hispania au pilipili za mabanda ya vioo. Jike hutaga yai moja moja juu ya tunda. Yai ni bapa, upana wake kama milimita moja, na likiwa juu ya pilipili ni rahisi jicho kulipita. Kiwavi akianguliwa hutoboa, mara nyingi karibu na kikonyo, akaingia ndani na kula mbegu na nyama huku tunda likiendelea kung'aa kwa nje. Akikomaa huwa na rangi ya waridi na urefu wa kama sentimita moja na nusu, kisha hutoka, huanguka chini na kujifunga kwenye udongo mpaka awe nondo.

Kwa sheria za Ulaya huyu ni kisumbufu cha karantini. Maana yake hakuna kiwango kinachovumilika: kiwavi mmoja hai akionekana, shehena imekwama.

Basi nani mwenye mamlaka ya kuapa kwamba hayumo? Jibu lilishawekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa mwaka 1951, unaosimamiwa chini ya FAO mjini Roma. Kila nchi mwanachama huwa na taasisi moja rasmi ya kitaifa ya ulinzi wa mimea, na cheti hutolewa na taasisi hiyo peke yake, kwa mkono wa mtumishi wa umma mwenye ujuzi na idhini ya kusaini. Tanzania Bara kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2020, yenye makao makuu Ngaramtoni, Arusha. Kenya ni KEPHIS, iliyoanzishwa 1996. Uganda ni idara ya ukaguzi wa mazao iliyo ndani ya Wizara ya Kilimo.

Orodha ya wasioweza kukitoa ni ndefu kidogo, na inafaa kuisoma kwa sababu huko ndiko watu wanakotapeliwa. Bwana shamba wa kata hawezi, hata kama ndiye anayelijua shamba kuliko wote. Wakala wa forodha hawezi. Yeye hupeleka maombi tu. Kampuni binafsi ya ukaguzi haiwezi. Mwaka 2021 kanuni za kimataifa ziliruhusu taasisi za kitaifa kuwakabidhi watu wa nje baadhi ya kazi, kama vile kuchukua sampuli au kusimamia ufukizaji, lakini kutoa cheti chenyewe kuliachwa serikalini. Shirika la viwango nalo lina kazi yake, na si hii. Hata suala la mabaki ya viuatilifu kwenye zao, ambalo huchanganywa sana na cheti hiki, ni la usalama wa chakula na lina vipimo na karatasi zake. Cheti cha afya ya mimea hushuhudia jambo moja tu: visumbufu.

Sasa tuichukue shehena ya mfano. Mkulima wa Kilimanjaro ana tani 2 za pilipili ndefu, katoni 400 za kilo 5. Pilipili moja ikiwa na gramu 10, hapo kuna pilipili 200,000, na mnunuzi wa Uholanzi anazisubiri. Wengi hudhani kazi inaanza siku ya kufungasha, mkaguzi anapopigiwa simu aje na muhuri wake. Akipigiwa siku hiyo ndiyo kwanza, jibu la haki ni hapana.

Kanuni za Ulaya kuhusu pilipili zinatoa njia chache. Ya kwanza na ya pili ni nchi nzima, au eneo zima, kuthibitishwa kuwa halina FCM. Kwa nondo aliyezaliwa hapa hapa, hizo ni ndoto. Nyingine ni kuliua zao baridi: machungwa hukaa kwenye nyuzi zilizo karibu na sifuri kwa takriban wiki tatu mpaka viwavi vife. Pilipili haiwezi. Ikishuka chini ya nyuzi kama 7 kwa muda mrefu hupata madoa yaliyobonyea na kuoza, na wiki tatu ni nyingi kwa zao linalosafirishwa kwa ndege. Kwa hiyo zinabaki njia mbili za kweli: shamba lenyewe kuthibitishwa kuwa safi, au mfululizo wa hatua za udhibiti ambao nchi imeueleza kwa maandishi mapema na Ulaya ikaupokea. Zote mbili zinaanzia kwenye mche.

Ndiyo maana shamba husajiliwa kabla ya kupanda na kupewa namba yake. Mitego yenye harufu ya nondo jike hutundikwa ili kuwanasa madume, na idadi huandikwa kila wiki. Pilipili zilizoanguka au zilizoiva kabla ya wakati huokotwa na kufungwa ndani ya mifuko juani au kufukiwa kwa kina, maana kila moja inaweza kuwa na kiwavi anayekaribia kuingia ardhini. Wenye uwezo hulima ndani ya banda la neti. Mkaguzi huja katika msimu, zaidi ya mara moja, akasoma daftari la mitego, akapita kwenye mistari, akachuma matunda na kuyapasua. Daftari lililojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiku wa kuamkia ukaguzi hujulikana, na wakaguzi wazoefu hulitambua upesi kuliko kiwavi.

Ukaguzi wa mwisho hufanyika kwenye banda la kufungashia au uwanja wa ndege, juu ya meza yenye mwanga wa kutosha, kwa lenzi na kisu. Mkaguzi hachagui katoni zilizo juu wala zile anazosogezewa. Kwa katoni zetu 400 anaweza kuchagua 20 kwa bahati nasibu na kutoa pilipili 15 kila moja, jumla 300. Idadi hiyo haikuokotwa hewani. Ikiwa asilimia 1 ya pilipili zina kiwavi, yaani 2,000 kati ya 200,000, sampuli ya 300 ina uwezekano wa asilimia 95 wa kukutana na angalau moja. Akipunguza mpaka 50 ili ndege isichelewe, uwezekano wa kutokutana na hata moja unakuwa asilimia 60. Huo si ukaguzi tena.

Anachotafuta ni tundu dogo kwenye kikonyo, unga wa kinyesi uliotoka nje, sehemu iliyolainika, tunda lililowahi kuwa jekundu kuliko wenzake. Kisha anapasua, kwa kuwa kiwavi mchanga ni mweupe wa maziwa, kichwa cheusi, na hukaa katikati ya mbegu za rangi ile ile.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo inaonyesha mpaka wa kisu. Tuseme walioathirika si asilimia 1 bali pilipili moja katika kila 1,000. Ndani ya shehena kuna pilipili 200 zenye kiwavi, na sampuli ya 300 itazikosa zote mara tatu kati ya nne hivi. Ukiongeza mayai yasiyoonekana, inaeleweka kwa nini ukaguzi wa uwanja wa ndege peke yake hautoshi kubeba sahihi ya serikali. Sehemu iliyobaki hubebwa na mitego na daftari.

Kiwavi akipatikana, hakuna kuchambua na kubakiza zilizo nzuri. Fungu lote linanyimwa cheti na hubaki kwa soko la ndani. Hapa kuna kosa linalowaumiza wasafirishaji wanaokusanya kwa wakulima wengi: wakichanganya mashamba matano kwenye rundo moja, kiwavi wa shamba moja huziangusha pilipili za wote. Kila shamba libaki fungu lake, na namba yake juu ya katoni.

Zikiwa safi, cheti huandikwa: jina la zao na jina lake la kitaalamu, idadi ya katoni, mahali lilipolimwa, chombo cha usafiri, mahali litakapoingilia, na tamko la nyongeza linalotaja njia ipi ya kanuni za Ulaya imefuatwa pamoja na namba ya shamba. Tamko likikosekana au likinakili maneno ya njia nyingine, shehena safi kabisa inaweza kuzuiwa. Kufuta na kuandika juu hakuruhusiwi pasipo muhuri wa mtoa cheti. Ulaya pia hukataa cheti kilichotolewa zaidi ya siku 14 kabla ya mzigo kuondoka nchini. Na chini kabisa kuna sentensi ambayo wakulima wachache huisoma: taasisi iliyotoa cheti haibebi dhima ya kifedha. Mzigo ukichomwa moto ng'ambo, hasara ni ya mwenye mzigo.

Pilipili nyingi za kaskazini mwa Tanzania hupandia ndege Nairobi, na hapo huzuka swali la cheti cha nani. Shamba liko Tanzania, hivyo anayeweza kushuhudia usafi wake ni TPHPA. KEPHIS hawakuingia shambani humo wala hawakusoma mitego yake. Mzigo ukipita Kenya ukiwa umefungwa, husafiri na cheti cha Tanzania. Ukifunguliwa na kufungashwa upya huko, KEPHIS wanaweza kutoa cheti cha kusafirisha tena, kikiambatana na kile cha asili au nakala yake iliyothibitishwa. Kuziita pilipili za Tanzania kuwa ni za Kenya ili kuokoa siku moja ni udanganyifu, na namba ya shamba huufichua.

Kiwavi akionekana ng'ambo, taarifa haiendi kwa msafirishaji kwanza. Huingizwa kwenye mfumo wa Ulaya na kutumwa kwa taasisi iliyosaini. Mkaguzi hurudi kwenye shamba lenye namba hiyo, mitego huhesabiwa upya, na shamba linaweza kuondolewa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Taarifa zikirundikana nchi nzima huumia: mwaka 2014 Kenya, iliyoona maembe yake yakikamatwa na nzi wa matunda mara kwa mara, ilijifungia yenyewe mauzo ya embe kwenda Ulaya. Mlango huo ulikaa umefungwa kwa miaka kadhaa, na wakulima waliokuwa na mashamba safi walifungiwa pamoja na wengine.