Pengo Kati ya Bei Mbili

Anayefungua jedwali la opsheni kwa mara ya kwanza hukutana na ukuta wa namba. Katikati kuna safu ya bei za makubaliano, kushoto opsheni za kununua, kulia opsheni za kuuza, na kila mstari una bei mbili, tatu, hesabu za mikataba na asilimia. Wengi hukimbilia safu moja tu, ile ya bei ya mwisho iliyouzwa, wakaamini kwamba hiyo ndiyo bei. Kumbe ndiyo namba inayopotosha kuliko zote.

Kwanza bidhaa yenyewe. Opsheni ya kununua humpa mwenye nayo haki, si wajibu, ya kununua hisa kwa bei iliyokubaliwa mpaka tarehe fulani. Opsheni ya kuuza humpa haki ya kuuza. Nchini Marekani, ambako biashara hii imekua kuliko kwingine, mkataba mmoja wa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo bei ya dola 2.45 kwenye skrini ni dola 245 mfukoni. Soko la kwanza lililopangwa rasmi kwa ajili ya mikataba hii, Cboe la Chicago, lilifunguliwa tarehe 26 Aprili 1973 likiwa na hisa za kampuni 16 tu, na siku hiyo iliuzwa mikataba 911. Leo kampuni moja kubwa inaweza kuwa na mamia ya mistari kwenye jedwali lake, kwa sababu kila tarehe ya kuisha huja na orodha yake ya bei za makubaliano. Mingi ya mistari hiyo haina mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hisa ya kampuni fulani inauzwa dola 50, na opsheni zake za kununua zimebakiza miezi miwili. Mistari mitatu ya jedwali inasomeka hivi:

```
Bid    Ask    Volume   Open Interest   Strike
5.20   6.00        0              41       45
2.40   2.45     1830            9412       50
0.76   0.82      264            3105       55
```

Safu ya `Bid` ni bei ya juu kabisa ambayo kuna mtu yuko tayari kununulia sasa hivi. `Ask` ni bei ya chini kabisa ambayo kuna mtu yuko tayari kuuzia. Aliyewahi kusimama mbele ya duka la kubadilisha fedha anaujua mpangilio huu: ubao una bei ya kununua dola na bei ya kuuza dola, na mwenye duka anakula tofauti. `Strike` ni bei ya makubaliano.

Mtu anayenunua mkataba wa 50 kwa pupa atalipa 2.45. Akibadili mawazo dakika hiyo hiyo, atauza kwa 2.40. Amepoteza senti tano kwa kila hisa, yaani dola 5, ambazo ni kama asilimia 2 ya fedha alizotoa. Hisa ikipanda kwa senti kumi hivi, hasara hiyo imerudi.

Sasa mstari wa juu yake. Kununua mkataba wa 45 kwa bei iliyoandikwa kunagharimu 6.00, na kuuuza papo hapo kunaleta 5.20. Zimekwenda dola 80 kati ya 600, zaidi ya asilimia 13, kabla hisa haijasogea hata senti moja. Mkataba wa aina hii hupanda kwa takriban senti 82 kila hisa inapopanda dola moja, kwa hiyo hisa lazima ipande karibu dola nzima ndipo mnunuzi aweze kutoka na fedha zake alizoingia nazo. Hisa ni ile ile, kampuni ni ile ile, na tarehe ya kuisha ni ile ile. Kilichotofautiana ni ukwasi, yaani urahisi wa kuingia na kutoka bila kuisukuma bei.

Kwa nini pengo liwe dogo hapa na kubwa pale? Bei nyingi zinazoonekana kwenye jedwali haziwekwi na watu wa kawaida, bali na watengeneza soko, kampuni ambazo kazi yao ni kutaja bei za pande zote mbili mchana kutwa. Mtengeneza soko akikuuzia opsheni ya kununua, hataki kukisia kama hisa itapanda. Hununua kiasi cha hisa zenyewe ili kujikinga, kisha husubiri mtu wa kumuuzia opsheni hiyo tena. Pengo ndilo malipo yake kwa gharama ya kujikinga na kwa hatari ya kukaa na mkataba usio na mteja. Pale ambapo hisa yenyewe inauzwa kwa mamilioni kila siku, kujikinga ni rahisi, na kampuni nyingi hushindana kutaja bei nzuri, hivyo pengo hubana. Pale ambapo wateja ni wa kubahatisha, kila mmoja anatozwa kwa niaba ya wale wasiokuja.

Ndipo zinapoingia zile safu mbili za hesabu, ambazo wanaoanza huzichanganya. `Volume` ni idadi ya mikataba iliyobadilisha mikono leo. Huanza na sifuri kila asubuhi na kupanda kadiri siku inavyokwenda. `Open Interest` ni idadi ya mikataba iliyo wazi, yaani iliyofunguliwa na bado haijafungwa, haijatumika wala kuisha muda. Hii haibadiliki mchana. Hesabu yake hufanywa baada ya soko kufungwa na OCC, taasisi inayosimamia malipo ya opsheni zote za masoko ya Marekani, na huonekana asubuhi inayofuata. Ni picha ya jana.

Mtu wa kwanza akinunua mkataba mpya kutoka kwa mtu wa pili anayeuza upya, idadi ya mikataba iliyo wazi huongezeka kwa mmoja. Wa kwanza akimuuzia wa tatu mkataba ule ule, haibadiliki, kwa sababu nafasi imehama tu. Wa tatu akimrudishia wa pili, ambaye ananunua ili kufunga deni lake, hupungua kwa mmoja. Mauzo yamefanyika mara tatu, `Volume` inasoma 3, lakini mikataba iliyo wazi imerudi pale pale ilipokuwa. Ndiyo maana mtu akiona mauzo ya leo 5,000 kwenye mstari wenye mikataba 300 iliyo wazi, anaweza kusema kuna jambo linaendelea, lakini hajui ni nafasi mpya au ni mikataba inayozungushwa na wafanyabiashara wa siku moja. Jibu analipata kesho yake.

Washauri wengi hutoa kanuni kwamba usiguse mkataba wenye chini ya idadi fulani iliyo wazi. Kanuni hiyo ina msaada wake, ila haitoshi. Kwenye SPY, mfuko unaofuata faharasa ya S&P 500, tarehe mpya ya kuisha ikifunguliwa huanza na mikataba iliyo wazi sifuri, na bado pengo lake linaweza kuwa senti moja au mbili, kwa sababu kujikinga kwa hisa za SPY ni rahisi mno. Kinyume chake, mikataba 9,000 iliyo wazi kwenye kampuni ndogo inaweza kuwa mali ya mfuko mmoja ulionunua mwezi uliopita na hauna nia ya kuuza. Hesabu hizo mbili zinaeleza watu walikuwa wapi. Pengo linaeleza gharama ya sasa hivi, na ndilo la kusomwa kwanza.

Hapo ndipo bei ya mwisho, `Last`, inapodanganya. Kwenye mkataba wa 45 inaweza kusomeka 4.10, kwa kuwa ulinunuliwa mara ya mwisho siku nane zilizopita, hisa ikiwa bei ya chini. Anayeona 4.10 akaagiza kwa bei yoyote ya soko akitarajia kulipa karibu na hapo, atashangaa kukatwa dola 600.

Njia ya kulipunguza pengo ni kuacha oda ya bei ya soko na kutumia oda yenye kikomo, inayosema silipi zaidi ya hapa. Katikati ya 5.20 na 6.00 ni 5.60, na mara nyingi thamani halisi iko karibu na hapo. Mnunuzi huanza kwa kutaja 5.60 na kusubiri kidogo. Asipopata, hupanda hadi 5.65, kisha 5.70. Watengeneza soko huwa tayari kukubali bei bora kuliko waliyoiandika, mradi wabaki na faida yao. Akipata kwa 5.70, amelipa dola 10 juu ya katikati badala ya dola 40. Asipopata kabisa, hajapoteza kitu. Anayetaka mikataba 20 atazame pia idadi iliyoandikwa kando ya kila bei, kwa maana pale penye 3 tu, oda yake inaweza kujaa kipande na nyingine kubaki inaning'inia.

Saa nazo zina uzito. Soko la New York hufunguliwa saa 3:30 asubuhi kwa saa za huko, ambayo Nairobi na Dar es Salaam ni saa 10:30 jioni, au saa 11:30 Marekani inapokuwa katika saa za majira ya baridi. Dakika za kwanza pengo huwa pana, kwa kuwa mtengeneza soko hawezi kutaja bei nzuri ya opsheni kabla bei ya hisa haijatulia. Tarehe 24 Agosti 2015 jambo hili lilionekana kwa ukali wake: faharasa ya Dow Jones ilianguka kwa zaidi ya pointi 1,000 muda mfupi baada ya kufunguliwa, na VIX, kipimo cha hofu kinachokokotolewa kutokana na bei za opsheni za S&P 500, hakikutangazwa kwa takriban nusu saa kwa sababu bei zenyewe hazikuwepo za kutosha.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Tuseme mwenye mkataba wa 45 alibahatika, hisa imefika dola 52, na siku ya kuisha ni kesho. Haki yake ina thamani ya dola 7.00 kwa hisa, lakini `Bid` inasoma 6.70. Kabla ya kukubali kukatwa dola 30, akumbuke kwamba opsheni za hisa za Marekani zinaruhusu kutumia haki siku yoyote kabla ya kuisha. Anaweza kumwagiza wakala wake atumie haki hiyo, anunue hisa 100 kwa 45, kisha aziuze kwa 52 kwenye soko la hisa, ambako pengo ni senti chache. Anahitaji dola 4,500 kwenye akaunti, au wakala atakayemruhusu kuuza hisa hizo wakati ule ule anapotumia haki, na aulize mapema ada ni kiasi gani na mwisho wa kutuma agizo ni saa ngapi.