Usalama wa Biashara Inayotegemea Mteja Mmoja

Ukiulizwa kama biashara ya namna hii ni salama, usitazame faida ya mwaka huu pekee. Rudia hesabu ukiwa umemwondoa mteja mkubwa.

Chukulia karakana ya kushona sare iliyopo Kiboriloni, Moshi. Mauzo yake kwa mwaka ni shilingi milioni 40, na kati ya hizo milioni 32, yaani asilimia 80, zinatokana na mkataba mmoja wa serikali. Faida ghafi ni asilimia 25 ya mauzo. Gharama za kudumu, kama vile pango na riba ya mkopo, ni milioni 6.

Mkataba ukiwepo: 10 − 6 = faida ya milioni 4.
Mkataba ukiisha: 2 − 6 = hasara ya milioni 4.

Ikiwa akiba iliyopo benki ni milioni 1, itabeba hasara hiyo kwa miezi 3 tu. Je, miezi hiyo inatosha kupata wateja wengine?

Jibu linategemea mali za biashara. Cherehani hushona nguo za mteja yeyote. Kampuni ya Symbion, iliyonunua mtambo wa umeme wa Ubungo mwaka 2011, ilimtegemea mnunuzi mmoja, TANESCO, mwenye gridi. Mgogoro wa mkataba ulipotokea, hapakuwa na mnunuzi wa pili wa kukimbilia. Ulimalizwa kwa makubaliano mwaka 2021.

Kwa hiyo, katika jibu lako onyesha mambo matatu: ukubwa wa hasara, muda ambao akiba itadumu, na kama mali zinaweza kumhudumia mteja mwingine.