Sekunde ya kwanza ya pumzi

"Vuta hewa, vuta, vuta mpaka kifua kijae. Haya, puliza! Puliza kwa nguvu, endelea, endelea, usiache, bado, bado, bado…" Anayesikika nje ya mlango anaweza kudhani kuna ugomvi humo ndani, kumbe ni mtaalamu anampima mgonjwa mapafu. Mgonjwa amekaa wima, pua imefungwa kwa kibanio, midomo imeshika bomba la plastiki bila kuacha upenyo. Bomba limeunganishwa na spirometa, mashine inayopima hewa inayotoka na kasi yake. Makelele yale yana sababu, nasi tutaifikia.

Kwanza tujue kinachopimwa. Mtu mzima aliyetulia huvuta na kutoa karibu mililita 500 kwa kila pumzi, nusu lita tu. Akiamua kuvuta zaidi baada ya pumzi hiyo ya kawaida, anaweza kuongeza lita mbili au tatu hivi. Baada ya kupumua nje kawaida, akijikamua anaweza kutoa lita moja nyingine. Ukijumlisha hayo matatu unapata hewa yote ambayo mtu anaweza kuitoa kwa pumzi moja kubwa. Kwa mwanamume kijana mwenye urefu wa wastani ni lita nne na nusu hadi tano. Kwa mwanamke hupungua hadi tatu na nusu au zaidi kidogo.

Lakini mapafu hayamaliziki. Hata ujikamue vipi, lita moja na ushee hubaki ndani, na ni heri ibaki, maana ndiyo inayozuia vifuko vidogo vya hewa visijifunge. Spirometa huhesabu kinachopita kwenye bomba tu. Hewa iliyobaki ndani haiioni kabisa, na upofu huo ndio chanzo cha makosa mengi katika kusoma majibu yake.

Aliyeleta kipimo hiki ni daktari Mwingereza, John Hutchinson, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1846 baada ya kupima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, askari na wazimamoto. Aligundua kwamba kinachoamua zaidi ukubwa wa pumzi ni urefu wa mtu. Ndiyo maana hata leo, kabla hujapuliza, utapimwa urefu na kuulizwa umri na jinsia: mashine inataka kujua mtu kama wewe anatarajiwa kupuliza kiasi gani. Hutchinson alipima ujazo peke yake. Ilipita karibu miaka 100 hadi Mfaransa Robert Tiffeneau, mwaka 1947, alipotia saa ndani ya kipimo na kuuliza: katika hewa hiyo yote, kiasi gani kimetoka katika sekunde ya kwanza?

Swali hilo ndilo lililotenganisha makundi mawili makubwa ya magonjwa ya mapafu. Kwenye karatasi ya majibu utaona FVC, yaani hewa yote iliyotoka kwa nguvu, na FEV1, ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Chini yake kuna uwiano wa mbili hizo. Mtu mzima mwenye mapafu mazima hutoa kama asilimia 75 hadi 80 ya hewa yake yote ndani ya sekunde hiyo moja, na kijana huweza kuvuka hapo.

Tuchukue wanaume wawili wa mfano, wote wa miaka 55 na kimo kimoja. Wanatarajiwa kupuliza jumla ya lita 3.6, na lita 2.8 kati ya hizo zitoke sekunde ya kwanza. Wa kwanza amevuta sigara miaka mingi. Wa pili amechimba mawe mgodini maisha yake yote, na vumbi limeacha makovu mapafuni. Wote wanahema wakipanda ngazi. Wakapimwa, na FEV1 zao zikafanana: lita 1.5. Ukitazama namba hiyo peke yake utawapa ugonjwa mmoja.

Sasa tazama FVC. Mvuta sigara aliendelea kupuliza kwa sekunde tisa, hewa ikitoka kidogo kidogo, mpaka akafika lita 3.0. Uwiano wake ni asilimia 50. Mchimbaji alimaliza mapema, akafika lita 1.75 tu, na uwiano wake ni asilimia 86. Wa kwanza ni daladala kubwa lililojaa lakini mlango wake unafunguka nusu: abiria wote watashuka, ila itachukua muda. Wa pili ni kipanya chenye mlango mzuri: abiria wanashuka haraka, tatizo ni kwamba waliokuwamo ni wachache.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye mchoro hata bila namba. Mashine huchora kasi ya hewa ikienda juu, na ujazo uliokwisha kutoka ukienda kulia. Kwa mtu mzima wa afya mstari hupanda ghafla hadi kilele chenye ncha, kisha hushuka kwa mteremko ulionyooka hadi chini. Kwa mvuta sigara, kilele ni kifupi, na mteremko umebonyea kwa ndani kama umechotwa kijiko. Sababu ni kwamba anapokamua kifua, shinikizo lile lile linalosukuma hewa itoke linaibana mirija midogo, ambayo tayari ni myembamba na imepoteza nguvu ya kukaa wazi. Akiongeza nguvu, kasi haiongezeki. Pumu huchora umbo la aina hii pia mtu anapobanwa.

Mchoro wa mchimbaji una umbo la kawaida, ila ni mwembamba, kama umeminywa kutoka pembeni. Kilele kinaweza kuwa kirefu kuliko ujazo mdogo ule ungekufanya utarajie, na mteremko unashuka wima. Mapafu yenye makovu ni magumu. Hayatanuki sawasawa, lakini yakishatanuka hurudi kwa nguvu, na ugumu huo huo huivuta mirija ikae wazi. Si makovu tu yanayoleta hali hii. Uti wa mgongo uliopinda, maji yaliyojaa kando ya mapafu, unene mkubwa wa tumbo, au misuli dhaifu ya kupumua, vyote humzuia mtu kujaza kifua.

Kifua kikuu kinatuhusu sana huku kwetu, na hakifuati mpaka huu. Mtu aliyetibiwa akapona anaweza kubaki na mirija iliyoharibika, au makovu, au vyote viwili. Ndiyo maana kikohozi na kuhema baada ya kupona kifua kikuu si lazima kiwe kifua kikuu kimerudi, kinahitaji kupimwa. Ila makohozi yachunguzwe kwanza, maana kumpulizisha mtu mwenye vimelea hai ni kuvitawanya chumbani.

Turudi kwenye makelele. Tuseme mvuta sigara wetu amechoka, akaachia bomba baada ya sekunde mbili, akiwa amefikisha lita 2.1. FEV1 yake haijabadilika, ni 1.5. Lakini sasa uwiano ni 1.5 kwa 2.1, asilimia 71, na FVC yake imeshuka hadi asilimia 58 ya iliyotarajiwa. Msomaji wa haraka ataona uwiano unaoelekea kuwa sawa na ujazo mdogo, ataandika kwamba mapafu hayatanuki, na mgonjwa ataondoka na ugonjwa asiokuwa nao huku alio nao ukijificha. Kosa lote limetokana na kuacha kupuliza mapema. Mchoro humfichua: mstari, badala ya kufika chini taratibu, hukatika na kuanguka wima. Kikohozi nacho huacha meno meno kwenye mteremko, na aliyeanza kwa kusitasita huwa na kilele cha mviringo kisicho na ncha. Kwa hiyo mtu hupulizishwa angalau mara tatu, na mapulizo mawili yaliyo bora hayatakiwi kupishana zaidi ya mililita 150.

Hata mpulizo ukiwa safi, kuna mtego mwingine. Mirija ikiziba sana, hewa nyingi hunaswa ndani na haitoki hata kwa sekunde 15. FVC itashuka, na kwa kuwa spirometa haioni kilichobaki ndani, haiwezi kusema kama kifua ni kidogo au kimejaa hewa isiyotoka. Kwa maoni yangu neno la spirometa kuhusu mapafu yasiyotanuka linafaa zaidi katika kukanusha. FVC ikiwa ya kawaida, tatizo hilo karibu limeondolewa. FVC ikiwa ndogo, huo ni wasiwasi tu, na uthibitisho unataka kipimo cha ujazo mzima wa mapafu, kwa kuvuta gesi ya heliamu au kukaa ndani ya kijumba cha kioo kinachopima mabadiliko ya shinikizo. Vifaa hivyo si vya kila hospitali, hivyo mara nyingi daktari hutumia picha ya kifua na historia ya kazi ya mgonjwa.

Kwa upande wa mirija iliyobanwa kuna hatua moja zaidi, rahisi. Mgonjwa hupewa pafu nne za salbutamo, hungoja dakika 15, kisha hupuliza upya. Mvuta sigara wetu alipanda kutoka lita 1.5 hadi 1.62, ongezeko dogo mno kuhesabiwa, na uwiano wake ukabaki chini ya asilimia 70, mpaka unaotumiwa sana kutambua kuziba kwa kudumu. Mpaka huo una kasoro. Uwiano hushuka wenyewe kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo mzee mzima wa afya anaweza kuitwa mgonjwa, na kijana mgonjwa akapita. Mashine nyingi sasa huonyesha pia kiwango cha chini kinachokubalika kwa umri wa mpimwaji.

Kuna jambo la mwisho kuhusu hicho "kinachotarajiwa". Kwa miaka mingi mashine ziliuliza na rangi ya mtu, kisha zikampunguzia Mwafrika matarajio, kana kwamba kupuliza kidogo ni maumbile yake. Hasara iliyotokana na vumbi au lishe duni ya utotoni ikaweza kusomeka kuwa kawaida. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza hesabu zisizouliza rangi. Mashine za zamani bado zipo, na hupunguza kimyakimya.

Basi ukipimwa, usiondoke na sentensi moja ya majibu. Omba karatasi yenye mchoro, uliza ulipuliza mara ngapi na kama mapulizo yalifanana, na uitunze. Atakayekupima mwaka ujao ataihitaji.