Shati moja, rangi tatu: Maelezo yasiyovuruga oda

MFANYABIASHARA anayeuza shati la mshono mmoja kwa rangi tatu na saizi nne ana bidhaa 12 ghalani, wala si moja. Wengi husahau hilo, wakaandika "shati la buluu" kisha wakaongeza chini kwamba rangi nyingine zipo. Mteja husoma buluu, huona picha ya buluu, naye huagiza bila kutaja rangi akidhani imekwisha kutajwa.

Maelezo yafaayo hubeba yale tu yasiyobadilika: kitambaa, kola, namna ya kufua. Rangi na saizi huachiwa sehemu ya kuchagua, ambayo haipaswi kujazwa mapema. Kila shati kati ya hayo 12 lipewe nambari yake, mathalani SHATI-BULUU-M, nayo irudiwe kwenye risiti na mfukoni. Saizi iambatane na sentimita za kifua, maana M ya kiwanda kimoja huenda ikawa L ya kingine.

Mteja akilalamika kuwa ameletewa rangi tofauti, ilhali nambari ya risiti na ya mfuko zinalingana, kosa haliko ghalani. Litafutwe katika picha na maneno.