Chomoa Waya, Usizime Kompyuta

Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilianza kufunga mafaili katika nchi nyingi na kudai fidia. Kukabili shambulio huanza na maandalizi, kisha kuligundua, kulizuia lisienee, kuling'oa, kurejesha huduma na kujifunza. Kwenye kuzuia ndipo wengi huharibu, maana huzima mashine kwa hofu.

Anayefika kwanza achomoe waya wa mtandao, azime waifai, apige picha ya skrini na kuandika saa. WannaCry ilirukia mashine nyingine kupitia mlango namba 445, kwa hiyo nao ufungwe. Mashine ibaki inawaka: kwenye baadhi ya matoleo ya zamani ya Windows, namba zilizotengeneza ufunguo zilibaki kwenye kumbukumbu, na wasiozima waliweza kufungua mafaili bila kulipa.