Mnyoo wa Gini, Kitambaa na Lambo

Miongoni mwa maradhi yote yampatayo mwanadamu kwa maji yaliyotuama, ni shida kuyapata yenye njia nyembamba kuliko yale ya mnyoo wa Gini, ambao Ibn Sina, takriban miaka elfu moja iliyopita, aliueleza katika Kanuni yake kwa jina la mshipa wa Madina. Kichocho humwingia mtu kwa ngozi, na amiba humwingia kwa maji, kwa chakula na kwa mikono isiyonawiwa. Bali mnyoo huu, kwa aghalabu, hauna mlango wa kuingilia ila kinywa cha anywaye maji ya lambo bila ya kuyachuja, wala hauna mahali pa kumwaga vizazi vyake ila lambo lilelile. Na kwa kuwa milango ni miwili tu, maradhi haya, ambayo hayana dawa ya kuyaponya wala chanjo ya kuyakinga, yamekaribia kwisha: wagonjwa waliokadiriwa kuwa milioni tatu na nusu mwaka 1986 walihesabiwa 15 tu, duniani kote, mwaka 2024.

Mnyoo jike uliokomaa, mwembamba mithili ya tambi na wenye urefu wa sentimita 60 hata 100, hujipenyeza chini ya ngozi mpaka, mara nyingi, mguuni, na hapo huinua lengelenge lenye kuunguza hata mgonjwa hana la kufanya ila kuutumbukiza mguu katika maji apate baridi. Mara lengelenge lipasukapo na maji yakagusa jeraha, mnyoo humwaga uowevu mweupe uliojaa vijinyoo kwa malaki. Lakini vijinyoo hivyo, hata mtu akivinywa papo hapo, havimdhuru. Vikikaa majini siku chache bila ya kupata mwenyeji hufa. Sharti vimezwe kwanza na kidudu kidogo cha majini, cha jamii ya kamba, kiitwacho sayklopsi, na ndani ya kidudu hicho vikae kama wiki mbili hata vipevuke. Ndipo mtu anywapo maji yenye kidudu hicho, asidi ya tumbo humwua sayklopsi, kijinyoo kikatoka kikiwa kizima, kikatoboa utumbo, kikakua na kujamiiana. Dume hufa, na jike huendelea na safari yake hata mwaka, kidogo zaidi au pungufu, utimie.

Mwaka huo ndio unaowapoteza watu wengi. Aumwaye leo alikunywa maji yale msimu uliopita, tena pengine mbali na kwake, kwa hiyo si ajabu asiyashuku maji hata kidogo, akatafuta sababu kwingine. Kwa upande wa pili, kijiji kisicho na mgonjwa hata mmoja mwaka huu chaweza kuwa kinakunywa maradhi ya mwaka ujao.

Mwenye shaka kuhusu sayklopsi na ateke maji ya lambo katika gilasi safi, aiinue kwenye mwanga, atulie: ataona vitone vyeupe, vingi vyao vya milimita moja hivi, vinavyokwenda kwa kurukaruka, si kwa kuelea kama taka. Basi ukubwa huo ndio bahati yetu, kwani kitambaa chenye matundu ya sehemu moja ya kumi ya milimita hukizuia kidudu hicho na maji yakapita. Kitambaa kizuri kuliko vyote ni cha nailoni iliyofumwa kwa nyuzi moja moja, kwa sababu hakizibwi upesi na tope. Pamba nayo yafaa, na leso iliyokunjwa ni bora kuliko kutokuchuja. Walakini maji ya lambo ni mazito, pamba huziba, na mwanamke mwenye mitungi mitatu ya kujaza, na mtoto mgongoni, akiona maji yanadondoka tone kwa tone, ataiacha kazi katikati, wala mimi simlaumu.

Kitambaa kifungwe barabara mdomoni mwa chungu kisipwaye pembeni, na upande mmoja kila siku uwe ndio wa juu, ambao hutiwa alama au kushonewa ukingo wa rangi; maana atakayekigeuza kesho atawasuuza ndani ya chungu vidudu wale wale aliowanasa leo. Akimaliza, akisuuze upande huo wa juu kwa maji yaliyokwisha kuchujwa na kuyamwaga penye nchi kavu. Kila mara akitandaze mbele ya jua akiangalie: tundu dogo, hata la kupitisha ncha ya sindano, limekwisha kuwa mlango. Wachungaji na wakulima, wanywao mbali na nyumbani, hupewa kibomba kifupi chenye kitambaa hicho mwishoni, huvaliwa shingoni kwa kamba; na ninaona kibomba hiki kina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwani mtu huchuja nyumbani kwa uaminifu, kisha kondeni kiu ikamshinda.

Hata hivyo kitambaa kisitwikwe kazi isiyo yake. Amiba na vijidudu vya homa ya matumbo hupenya matundu hayo bila ya taabu, na dhidi yao maji sharti yachemshwe. Na kichocho humpata mtu aliyesimama lamboni akiteka, kabla hajakikunjua kitambaa chake.

Mlango wa pili, yaani mguu wa mgonjwa, hufungwa lamboni penyewe. Mgonjwa asiingie majini kabisa; jeraha lake hulowekwa ndani ya ndoo mpaka mnyoo umwage uliyo nayo, maji hayo yakamwagwa mbali na chemchemi yoyote, kisha mnyoo huzungushwa kwenye kijiti au shashi, sentimita chache kila siku, kwa majuma, bila ya kuuvuta kwa pupa, kwa kuwa ukikatika ndani husababisha uvimbe na usaha. India ilikuwa na visima vya ngazi, ambamo watu waliteremka hata miguu ikalowa. Vilipogeuzwa kuwa visima vya kuteka kwa kamba, mnyoo ulipoteza makao, na mgonjwa wa mwisho alionekana mwaka 1996.

Lambo lililokwisha kuingiliwa na mgonjwa hutiwa temefosi, dawa inayowaua sayklopsi, kwa kipimo cha miligramu moja kwa lita, ambacho hakimdhuru mnywaji wala samaki. Tuseme lambo lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, na kijiti kilichochomekwa mahali kadhaa kikaonyesha kina cha wastani wa nusu mita: hiyo ni mita 100 za ujazo, yaani lita 100,000, zihitajizo gramu 100 za dawa halisi, na kwa kuwa dawa iliyo chupani aghalabu ina gramu 500 kwa lita, hupimwa mililita 200, ikachanganywa na maji, ikanyunyizwa pande zote. Mpimaji akichukua kina cha katikati peke yake atazidisha dawa. Akipima leo na mvua ikanyesha usiku, itapungua nguvu. Baada ya siku 28 hurudiwa, kwani dawa huisha na mayai ya sayklopsi huangua wengine.

Kaskazini ya Uganda, katika wilaya za Kitgum, Moroto na Kotido, vitambaa na wajitolea wa vijijini walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo: nchi iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 120,000 mwaka 1992 ilimwona wa mwisho aliyeambukizwa nchini humo mwaka 2003, na Shirika la Afya Duniani likaithibitisha mwaka 2009.

Chadi, kinyume chake, ndiko tulikofundishwa lile neno “aghalabu” nililolitumia mwanzoni. Baada ya miaka kumi bila ya mgonjwa, wagonjwa walionekana tena mwaka 2010, na mwaka 2012 mnyoo uleule ukaonekana kwa mbwa, ambao wanadhaniwa kuupata, miongoni mwa njia nyingine, kwa kula samaki wabichi na matumbo yao yaliyotupwa ukingoni mwa mito. Kwa hiyo huko wavuvi huambiwa wayazike matumbo ya samaki au wayachome, samaki mwenyewe apikwe akaive hata kwenye mfupa, na mbwa aliyeonekana na mnyoo afungwe mbali na maji mpaka utoke wote.